Kulala stesheni ya TAZARA Mbeya ukisubiri basi la asubuhi: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi nakaa Iyunga, stesheni ya TAZARA ni kutembea tu, kwa hiyo ndugu, majirani na watu wa kwetu Tukuyu wakisikia kuna mtu anashuka na treni usiku simu ya kwanza inakuja kwangu. Maswali ni yaleyale, nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja ili anayesafiri asome kabla hajapanda. Nimeongelea zaidi yule anayetoka Dar kwa treni halafu anaunga basi la Tukuyu au Kyela, maana ndio njia naijua ndani nje, lakini wa Iringa na Makambako nao nimewagusa kule chini.

Kwa nini treni ya mchana inifikishe Mbeya usiku wa manane?

Kwa sababu reli ya TAZARA ni njia moja. Ina kama kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na treni mbili zikikutana lazima moja ingoje kwenye stesheni mpaka nyingine ipite, wenyewe wanaita kupishana. Sasa treni ikishachelewa mara moja inakosa zamu yake ya kupishana, inangoja tena mbele, na tena. Halafu kuna kile kipande cha kupanda kutoka Mlimba mpaka Makambako, ndio penye mahandaki na madaraja mengi, treni inapanda polepole, na masika udongo ukiporomoka juu ya reli hapo hakuna namna, mnasubiri. Kwa ratiba niliyoizoea mimi treni ya Dar inatakiwa iingie Mbeya mchana, na nimeshapokea wageni saa 8 mchana kweli, ila nimepokea pia saa 3 usiku, saa 7 usiku na mara moja karibu alfajiri. Kwa hiyo ukipanga safari hesabu kama utalala njiani, ikiwahi ni bahati yako.

Nitajuaje treni itafika saa ngapi, maana kila mtu ananiambia lake?

Usiulize "itafika saa ngapi", uliza "imetoka wapi na saa ngapi". Hilo la pili ni jambo lililotokea, halina kukisia. Stesheni wanajua kwa sababu wanapeana taarifa za treni kati ya stesheni na stesheni, na aliye ndani ya treni naye anaweza kukupigia akiona kibao cha jina la stesheni. Kipimo changu mimi ni Makambako. Kutoka Makambako kuja Mbeya mimi huwa nahesabu masaa matano, kuna siku inakuja kwa manne lakini matano hayajanidanganya sana.

Mfano wa juzijuzi, shangazi yangu alikuwa anakuja na mimi nilikuwa nahangaika kama nimkatie tiketi ya Kyela au la. Saa 12 jioni akaniambia bado wapo njiani kupanda, Makambako hawajafika. Sikukata. Saa 2 na nusu usiku akapiga, treni ndio inatoka Makambako. Saa 2 na nusu ukiongeza matano unapata saa 7 na nusu usiku. Basi la Kyela nililokuwa nalitaka linatoka saa 12 asubuhi, toa saa moja ya kuhama stesheni kwenda stendi, anabaki na kama masaa matatu na nusu ya kukaa. Hapo ndio unaamua: masaa matatu na nusu na mizigo mitatu, gesti haina maana, bora akae ukumbini. Angekuwa anafika saa 3 usiku ningesema alale gesti, hamna mjadala. Na kama saa 12 jioni treni bado iko Mlimba, usiku huo usiingoje, haifiki, nenda kalale nyumbani.

Pale stesheni kuna sehemu ya kulala?

Ya kulala hapana, ya kukaa ipo. Lile jengo ni kubwa, lilijengwa enzi za Wachina miaka ya sabini, ukumbi mrefu wenye dari ya juu sana na sakafu ngumu, kuna viti na mabenchi. Tatizo la ukumbi wa dari ya juu ni kwamba joto la watu halibaki chini mlipo. Mbeya iko juu, kama mita 1,700, na mwezi wa 6 mpaka wa 8 baridi ya saa 10 alfajiri inapita kwenye koti kama hujavaa kitu. Watu wa Dar ndio wanaumia, wanashuka na ndala na tisheti.

Shangazi alivyofika nilimkalisha hivi na nashauri kila mtu akae hivi: upande wa ukuta, mbali na mlango ule unaotokea kwenye reli maana kila anayepita anaingiza upepo, na chini ya taa inayowaka. Sakafuni usilale moja kwa moja hata kama una mkeka, ile saruji inanyonya joto la mwili mpaka mgongo unakufa ganzi, weka kwanza boksi la katoni au gunia tupu, halafu mkeka, halafu wewe. Soksi pea mbili, kitenge kichwani, shuka la Kimasai juu. Wengi wanabeba blanketi wakaliweka chini kabisa ya begi kubwa halafu begi limefungwa kamba, saa 8 usiku nani atafungua? Blanketi liwe juu au liwe mkononi.

Ukumbi unafungwa saa ngapi? Wanaweza kunitoa nje?

Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanafikiri stesheni ni kama stendi. Stendi mabasi yanaingia na kutoka muda wote, stesheni ya TAZARA inaamka treni inapokuja. Siku ya treni, na hasa ikiwa imechelewa, ukumbi unabaki wazi, taa zinawaka, mlinzi yupo, kuna abiria wanaosubiri kupanda kuelekea Tunduma au Dar. Siku isiyo ya treni usitegemee kabisa kukuta sehemu ya kukaa usiku. Kwa hiyo anayetoka Kyela jioni ya leo ili apande treni ya kesho, huyo asije kulala stesheni, alale mjini.

Ukishashuka na treni imeondoka, mfuate mlinzi mapema, usingoje akufuate yeye. Salamu kwanza, halafu mwambie ukweli: "Shikamoo mzee, nimeshuka na treni hii, naunga gari la Kyela saa 12, naomba nikae hapa mpaka pakuche." Muonyeshe tiketi ya treni. Ile tiketi usiitupe ukishashuka jamani, ndio kitambulisho chako cha kwa nini uko pale. Mimi katika miaka yote sijaona mlinzi akimtoa mama mwenye mizigo aliyejieleza. Niliowaona wakitolewa ni vijana waliolala kwenye kona bila kusema na mtu, akaja wa zamu nyingine hawajui.

Na zamu ndio yenyewe. Uliza "unatoka zamu saa ngapi?" ili kama anatoka saa 6 usiku, akukabidhi kwa mwenzake.

Kuna makabati ya kufungia mizigo, yale ya ufunguo?

Hakuna, na usiyatafute. Yale makabati ya chuma unatia hela unafunga unaondoka na ufunguo ni ya stesheni kubwa za nje huko. Hapa mzigo unatunzwa na mtu au na ofisi, kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani ameshika funguo na atakuwepo saa ngapi.

Nawaambia hivyo kwa sababu yalishatukuta. Miaka kama mitatu nyuma mdogo wangu alifika jioni, akaacha begi na ndoo mbili kwenye ofisi moja ya mabasi mjini, sitaitaja, akapewa na kikaratasi kabisa, akaenda kulala kwa amani. Saa 11 alfajiri anarudi, ofisi imefungwa. Aliyepokea alikuwa wa zamu ya jioni, ameondoka na funguo, wa asubuhi anafungua saa 2. Gari likaondoka saa 12 yeye anaangalia begi lake kupitia dirishani, analiona pale kwenye kona, na nauli ikaenda. Hakuibiwa kitu hata kimoja, ila safari ilikufa.

Tangu hapo ukiacha mzigo mahali popote uliza maneno haya haya: "Saa 11 alfajiri nikija, nani atanifungulia?" Akikujibu "nitakuwepo" akakupa na namba ya simu, ipige palepale mbele yake uone kama inaita. Akikujibu "watakuwepo tu", chukua mzigo wako. Kikaratasi kiandikwe idadi, siyo "mizigo" tu. Iwe "begi jeusi 1, ndoo nyeupe yenye mfuniko 2, kiroba cha bluu 1", jina lako, jina la aliyepokea, saa. Piga na picha ya mzigo ukiwa umekaa pale ofisini.

Sasa mzigo mkubwa nifanyeje kama sitaki kuukumbatia usiku kucha?

Kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza, kama mzigo ulisafiri kwenye behewa la mizigo na siyo ndani ulipokaa, usikimbilie kuuchukua saa 7 usiku. Ongea na mtu wa mizigo, kama anakubali ubaki kwake pale stesheni mpaka asubuhi umeshapata pa kuhifadhia. Muulize anafungua saa ngapi, maana ukiunga basi la saa 12 na yeye anafungua saa 2 umerudi kwenye yale ya mdogo wangu. Anayeunga gari la saa 4 au saa 5 hana shida hapo. Uliza pia kama kuna malipo ukichelewa kuuchukua.

Ya pili naipenda zaidi kama umefika jioni na ofisi za mabasi bado ziko wazi: usiuache mzigo, utume. Unaukabidhi kama kifurushi kwenye basi lilelile utakalopanda asubuhi, unalipia, unapewa risiti yenye namba, wanaubandika jina na namba ya simu. Kuanzia hapo ni wajibu wao kuupakia, wewe unabaki na begi la mgongoni tu. Nimetuma mchele, nimetuma godoro, nimetuma mpaka cherehani. Andika jina kwa maka peni kwenye mzigo wenyewe pia siyo kwenye kile kistika tu, vistika vinabanduka vikilowa.

Begi dogo nalo?

Hilo ni lako usiku kucha. Mkanda uupitishe mguuni au mkononi, begi liwe kati yako na ukuta, siyo chini ya benchi, maana chini ya benchi mtu wa nyuma yako anavuta taratibu na wewe huhisi. Hela, simu na kitambulisho viwe mwilini. Mkiwa wawili mpeane zamu, mmoja alale mmoja akae. Ukiwa peke yako tafuta mama mwenye watoto ukae naye karibu, hao hawalali usingizi mzito.

Na mtu usiyemjua akikukaribisha biskuti, soda iliyofunguliwa, pipi, hata awe amevaa vizuri kiasi gani, shukuru na ukatae. Watu wanaleweshwa kweli, wanaamka saa 4 asubuhi hawana kitu. Chai kunywa kwa mama anayechemsha mbele ya macho yako.

Tiketi ya basi inasema 00:30 tarehe 14. Niende lini?

Hili swali limewatia watu hasara kuliko wizi, nalirudia taratibu. Tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, kuna magari mengi yanaondoka au kupita Mbeya usiku wa manane. Tiketi inaandikwa saa za kompyuta, na saa za kompyuta siku inaanza saa 6 usiku. Sisi kwa kuongea siku tunaihesabu na usiku wake. Kwa hiyo 00:30 tarehe 14 ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14. Yaani unatoka nyumbani tarehe 13 jioni. Mtu anasoma "tarehe 14", anasoma "usiku", anaenda tarehe 14 usiku, gari liliondoka jana.

Namna ya kuhakikisha: kamwambie karani "ni usiku wa kuamkia siku gani?" akujibu kwa jina la siku. 05:30 ni saa 11 na nusu alfajiri, 06:00 ni saa 12 asubuhi, 18:00 ni saa 12 jioni, toa au ongeza sita tu. Na wanaovuka Tunduma kwenda Zambia, kumbukeni upande wa Nakonde saa ziko nyuma kwa saa moja. Ukiambiwa saa 2 uliza ni saa 2 ya Tanzania au ya Zambia, simu yenyewe hapo mpakani inarukaruka ikishika mnara wa upande ule.

Basi la Tukuyu na Kyela linapatikana palepale stesheni?

Hapana, na hapa ndio wageni wanapotea. Stesheni iko upande wa kwenda Tunduma, magari ya Tukuyu na Kyela yanapatikana stendi ya Nanenane, upande wa Uyole. Lazima ukate jiji lote. Mchana daladala zipo, unaunga kwa kupitia Mwanjelwa, lakini saa 7 usiku hakuna daladala, kuna bajaji na bodaboda tu na bei ni ya usiku. Ndio maana nasema bora ukae stesheni mpaka saa 11 alfajiri kuliko kwenda kukaa Nanenane gizani. Saa 11 magari yanaanza kuonekana barabarani na wenye bajaji wameshakuwa wengi, bei inashuka. Kama lazima utoke usiku, mwombe mlinzi akuitie bajaji anayoijua, bei mkubaliane kabla mzigo haujaingia, halafu piga picha namba ya bajaji umtumie ndugu.

Chakula na choo?

Kula ndani ya treni kabla ya kufika, usiku nje hapategemeki. Alfajiri mama wa chai wanakuja, unasikia "ugonile" kabla hujamuona mtu, chai ya tangawizi na chapati za moto unarudi kuwa binadamu. Choo beba karatasi yako na sarafu, na uende wakati bado kuna watu wengi, siyo saa 9 peke yako. Simu chaji ukiwa ndani ya treni kama una nafasi, au beba pawa benki, umeme ukikatika ukumbini hakuna wa kumlaumu.

Na mimi ninayeshuka Makambako au Iringa?

Makambako stesheni ipo, na baridi yake ni ya upepo, inauma kuliko ya kwetu. Unayeunga Njombe au Songea usikae stesheni ukishashuka usiku, toka na wenzako mpaka barabarani kwenye stendi, pale ni njia panda, magari na maroli yanapita usiku kucha, kuna migahawa na gesti jirani. Muhimu mtoke kundi, siyo mmojammoja.

Iringa treni haifiki, ni basi tu, na stendi ya mikoani iko Igumbilo, chini kule barabara kuu, mji wenyewe uko juu mlimani. Gari la usiku likikushusha Igumbilo saa 9, usipande mjini kutafuta gesti kwa masaa mawili ukalipa bajaji kwenda na kurudi. Kaa stendi penye taa na watu, karibu na ofisi ya basi unalounga, pakikucha uko palepale.

Nikate tiketi ya basi mapema au nisubiri nishuke?

Usikate kabla treni haijapita Makambako. Ukishapita Makambako, piga hesabu ya matano, ongeza mawili ya tahadhari, gari linaloondoka baada ya hapo ndio lako. Mwenye ndugu Mbeya amkatie yeye, asiye na ndugu akate asubuhi palepale Nanenane, magari ya Tukuyu na Kyela ni mengi na yanafuatana, likikupita la saa 12 la saa 1 linajaza. Ila unayeunga Dar kwa basi, au Songea, au Sumbawanga, hayo yana nafasi chache na yanajaa siku moja kabla, wewe panga kulala Mbeya siku nzima katikati.